SOMO LA ROBO HII: Kulinganisha Kipima Unyevu na Udongo Uliokaushwa Katika Oveni



Mashamba kadhaa ya umwagiliaji sasa yana kifaa kidogo cha umeme kinachochomekwa ardhini na kuonyesha namba ya unyevu. Kamati nyingi hutumia namba hiyo kuamua kama shamba lichukue zamu yake ya maji au limwachie jirani. Katika somo hili tunaeleza jambo moja: namba ya kifaa si kiasi cha maji mpaka ilinganishwe na udongo wa shamba lenyewe, na njia ya kuilinganisha ni kupima udongo huo kwa mizani kabla na baada ya kuukausha katika oveni. Tutafuata mfano wa shamba moja la mahindi lenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga unaopasuka wakati wa kiangazi, kama ulioko katika tambarare za Usangu mkoani Mbeya.

1. Kifaa kinapima nini hasa

Ndani ya ubao wa kifaa kuna mabamba mawili membamba ya shaba yaliyofunikwa. Umeme ukipita, mabamba hayo hushika chaji, na kiasi cha chaji hutegemea kitu kinachoyazunguka. Tukiipa hewa namba 1, chembe kavu za udongo huwa kati ya 3 na 5, lakini maji huwa karibu 80. Kwa sababu ya tofauti hiyo kubwa, maji yakiongezeka kidogo tu kifaa huhisi.

Kifaa basi hakihesabu maji. Kinahisi chaji, kisha kinatoa namba. Katika vifaa vingi vya bei nafuu namba hiyo hushuka udongo unapolowa na kupanda udongo unapokauka. Kifaa cha mfano wetu husoma 600 kikiwa hewani na 290 kikizamishwa katika glasi ya maji. Watu wengi huviweka vifaa hivi kwa kuita hewa "asilimia 0" na maji matupu "asilimia 100", kisha kioo huonyesha asilimia zilizo katikati. Hapo ndipo tatizo huanza. Asilimia 50 ya kioo haina maana kwamba nusu ya udongo ni maji, wala kwamba nusu ya maji ya mmea yamebaki. Maana yake ni kwamba namba imefika katikati ya hewa na glasi ya maji, basi.

Aidha, udongo wa aina mbili wenye maji sawa huweza kutoa namba mbili tofauti. Mfinyanzi una chembe ndogo mno ambazo hushikilia maji na chumvi juu ya nyuso zake, na vifaa vya bei nafuu huathirika sana na jambo hilo. Mwaka 1980 Topp na wenzake nchini Kanada walichapisha mlinganyo mmoja unaofaa udongo wa aina nyingi, lakini ulitokana na chombo cha namna nyingine kinachotumia mawimbi ya kasi kubwa zaidi. Hatuwezi kuuchukua na kuubandika kwenye kifaa chetu. Inabidi kuuliza udongo wenyewe.

2. Oveni inatoa jibu gani

Oveni hutoa jibu lisilohitaji kubahatisha. Tunapima udongo wenye unyevu, tunaukausha, tunaupima tena, na uzito uliopungua ni maji. Kazi hii inahitaji vitu vinne: pete ya chuma yenye ncha kali na ujazo unaojulikana, makopo yenye mifuniko, mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na oveni ya maabara inayoshika joto la nyuzi 105. Shule za sekondari na vyuo vya kilimo vyenye maabara mara nyingi vina oveni ya namna hii, na kamati inaweza kuomba kuitumia kwa siku mbili.

Joto la nyuzi 105 lina sababu yake. Linazidi kidogo kiwango cha maji kuchemka, kwa hiyo maji yaliyo kati ya chembe hutoka yote. Joto likizidi sana, mboji huanza kuungua na hata maji yaliyofungwa ndani ya madini ya mfinyanzi huanza kutoka, na mizani itayahesabu yote kama unyevu. Hii ndiyo sababu jiko la mkaa halifai: hakuna anayejua joto lake.

Udongo hukaa katika oveni saa 24, mifuniko ikiwa wazi. Kisha kopo hufunikwa mara moja na kuachwa lipoe, kwani udongo mkavu hunyonya unyevu wa hewani. Tukishapima, tunalirudisha kopo katika oveni kwa saa 2 na kupima tena. Ikiwa uzito umepungua kwa zaidi ya gramu 0.1, udongo bado haujakauka, uendelee kukaa. Mfinyanzi mzito huweza kuhitaji muda mrefu kuliko mchanga, hivyo kipimo hiki cha pili kisirukwe.

Pete ina umuhimu sawa na oveni. Pete inayotumika sana ina ujazo wa sentimita za ujazo 100. Kwa kuwa gramu 1 ya maji ni sentimita 1 ya ujazo, gramu za maji zilizopotea kutoka pete hiyo ndizo asilimia ya maji katika ujazo wa udongo. Asilimia hii ya ujazo ndiyo inayotueleza ni lita ngapi ziko shambani. Asilimia ya uzito, inayopatikana kwa kugawanya maji kwa udongo mkavu, ni namba nyingine, na wengi huzichanganya.

Tuchukue kopo moja la mfano wetu. Kopo tupu na mfuniko wake ni gramu 42.3.

```
Kopo + udongo wenye unyevu = 190.5 g
Kopo + udongo mkavu        = 161.5 g
Maji          = 190.5 - 161.5 = 29.0 g
Udongo mkavu  = 161.5 - 42.3  = 119.2 g
Kwa uzito     = 29.0 / 119.2 x 100 = 24.3 %
Kwa ujazo     = 29.0 / 100 x 100   = 29.0 %
```

Udongo ni uleule, maji ni yaleyale, lakini namba ni 24.3 na 29.0. Taarifa isiyosema ni asilimia ya uzito au ya ujazo haijasema kitu.

3. Kukusanya sampuli shambani

Kulinganisha kunahitaji udongo mkavu, wa wastani na uliolowa sana. Sampuli kumi za siku moja, zote zikiwa na unyevu uleule, hazisaidii, kwa sababu mstari hauwezi kuchorwa juu ya nukta moja. Kwa hiyo wakati wa kiangazi tunatenga kipande cha mita 2 kwa 2 shambani, tunakilowesha mpaka maji yamezama, kisha tunapima kila baada ya siku mbili au tatu kwa muda wa wiki tatu hivi jinsi kinavyokauka. Kwa sampuli kavu kabisa tunatumia udongo wa jirani ambao haukumwagiliwa.

Kila siku ya kupima hatua ni hizi. Kwanza tunachimba hadi kina ambacho kifaa kitakaa wakati wa kazi, katika mfano huu kama sentimita 15, na kusawazisha sehemu ya chini. Pili, tunachomeka kifaa wima, mara moja, bila kukitikisa. Tunasoma namba mara tatu na kuandika wastani. Tatu, tunakitoa na kuigongomea pete pembeni mwa tundu lake, si mbali zaidi ya sentimita 5, tukiweka kipande cha mbao juu ya pete ili ishuke sawasawa. Nne, tunaitoa pete na udongo wake, tunakata kwa kisu udongo uliozidi juu na chini, na kuusukuma wote ndani ya kopo. Mfuniko hufungwa palepale na kopo hupimwa siku hiyohiyo, kabla halijasafirishwa, kwa mizani ileile itakayotumika baada ya oveni.

Mfinyanzi mkavu ni mgumu, na pete huweza kuuvunja badala ya kuukata. Ukiona mwanya kati ya udongo na ukuta wa pete, itupe sampuli hiyo na uchukue nyingine kando yake.

4. Kuchora mstari

Katika shamba la mfano wetu zilichukuliwa sampuli nane. Safu ya kwanza ni namba ya kifaa, ya pili ni asilimia ya maji kwa ujazo kutoka oveni.

| Namba ya kifaa | Maji kwa ujazo (%) |
|---|---|
| 496 | 17.0 |
| 478 | 17.8 |
| 455 | 25.8 |
| 437 | 26.6 |
| 421 | 29.0 |
| 402 | 36.4 |
| 384 | 37.0 |
| 366 | 42.6 |

Nukta hizi zikiwekwa kwenye karatasi ya grafu, rula inaweza kupita katikati yake. Mwenye kompyuta anaweza kuandika namba za kifaa katika safu ya A na asilimia katika safu ya B, kuanzia mstari wa 2, kisha:

```
=SLOPE(B2:B9,A2:A9)
=INTERCEPT(B2:B9,A2:A9)
```

Majibu ni -0.199 na 114.7. Tukizungusha namba hizo ili zitumike kirahisi shambani, tunapata:

```
Maji (%) = 115 - 0.2 x namba ya kifaa
```

Tuupime mstari kwa kopo letu la awali. Namba ya kifaa ilikuwa 421, na mstari unatoa 30.8, wakati oveni ilitoa 29.0. Tofauti ni 1.8, na kati ya zote nane hakuna inayoizidi. Kwa wastani mstari huu hukosea kwa karibu asilimia 1.5 ya ujazo, juu au chini. Kosa hilo haliondoki, na ni wajibu wetu kulitaja kila tunapotaja kipimo.

5. Mstari unabadili nini katika zamu ya maji

Sasa tuone faida yake. Shamba hili baada ya kuloweshwa vizuri, likafunikwa kwa plastiki na kuachwa siku tatu ili maji ya ziada yashuke, lilipimwa kwa pete na kukutwa na asilimia 38. Hicho ndicho kiwango cha kujaa. Kiwango cha kunyauka, ambacho mizizi haiwezi tena kuvuta maji, ni 24. Hiki cha pili hupimwa kwa mtambo wa mgandamizo ulioko katika maabara kubwa za udongo, kama za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kati ya 38 na 24 yapo maji ya mmea. Kwa mahindi ni vema kumwagilia nusu yake inapokuwa imetumika, yaani yakifika 31. Mstari wetu unasema asilimia 31 ni namba 420 ya kifaa.

Katika namba 420, kioo kinaonyesha asilimia 58. Mwanakamati anayeona 58 hana sababu ya kuogopa. Anaona zaidi ya nusu. Hata kanuni inayosikika kuwa ya uangalifu, "tufungue maji ikifika 50", katika shamba hili ina hatari. Asilimia 50 ya kioo ni namba 445, nayo kwa mstari wetu ni asilimia 26 tu ya maji, karibu kabisa na kunyauka.

Tuyageuze haya kuwa lita. Katika tabaka la juu la sentimita 30, ambamo mizizi mingi imo, asilimia 1 ya ujazo ni milimita 3 za maji, sawa na lita 3 kwa kila mita ya mraba. Kutoka 31 hadi 24 zimebaki asilimia 7, yaani lita 21 kwa mita ya mraba. Siku za jua kali mahindi yaliyokomaa majani huweza kutumia lita 5 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Maji hayo basi yanatosha siku nne. Ikiwa zamu ya mfereji hurudi baada ya siku nne, kamati inayoachia zamu kwa sababu kioo kinasema 58 itaikuta zamu inayofuata mahindi yakiwa yamefika kwenye kunyauka. Na kama ni wakati wa kutoa mbelewele, mavuno yaliyopotea hapo hayarudishwi na maji ya baadaye.

Kinyume chake pia kipo. Shamba likiwa limejaa, kioo kinaonyesha 69. Anayeendelea kumwagilia akingoja 100 hatafika kamwe, na maji yake yatapotea chini ya mizizi huku mwenzake wa chini akikosa. Katika shamba hili kazi yote, kutoka kujaa hadi kufungua maji, hufanyika kati ya 69 na 58 ya kioo. Kwa hiyo tunashauri kamati ziache asilimia za kioo na kubandika kwenye kisanduku cha kifaa namba mbili tu: 385, shamba limejaa, 420, chukua zamu.

Kumbuka lile kosa la 1.5. Ni kama lita 4.5 kwa mita ya mraba, karibu matumizi ya siku moja. Kwa hiyo namba ikiwa 415 na zamu ni leo, ichukueni.

6. Dalili kwamba kuna kasoro

*Uzito wa udongo mkavu.* Pete zote za shamba moja zinapaswa kuwa na udongo mkavu unaokaribiana. Ikiwa nyingi zina kati ya gramu 115 na 124, na moja ina 98, pete hiyo haikujaa au udongo ulimwagika. Mbuga huvimba ikilowa, hivyo pete za udongo uliolowa zitapungua uzito kidogo kidogo. Hilo ni la kawaida, na ndiyo sababu tunatumia pete kwa kila sampuli badala ya kupima ujazo mara moja tu.

*Nyufa na mianya.* Kifaa huhisi sentimita chache tu kuzunguka ubao wake. Ufa ukipita kando yake, kinahisi hewa, na namba hupanda ghafla kana kwamba shamba limekauka usiku mmoja. Fukua kidogo uangalie. Katika mbuga iliyopasuka kifaa hakiaminiki, hata mstari uwe mzuri kiasi gani.

*Joto.* Soma kifaa saa 1 asubuhi na saa 8 mchana, siku isiyo na mvua wala umwagiliaji. Mchana maji hayawezi kuwa yameongezeka. Namba ikionyesha kwamba yameongezeka, ni joto. Dawa yake ni kusoma kila siku saa ileile ya asubuhi, kama ilivyofanyika wakati wa kulinganisha.

*Chumvi na mbolea.* Mbolea ya kukuzia ikiwekwa karibu na kifaa, au maji yakiwa ya magadi, chaji huongezeka na kifaa hudai kuna unyevu zaidi ya uliopo. Eneo la kifaa libaki bila lundo la mbolea.

Njia ya mwisho ya kujiridhisha ni kuchukua sampuli mbili mpya baada ya mwezi, ambazo hazikutumika kuchora mstari. Katika mfano wetu kifaa kilisoma 410 na 446, hivyo mstari ulitabiri 33.0 na 25.8. Oveni ilitoa 31.8 na 27.1. Tofauti haizidi asilimia 1.3, basi mstari unasimama. Tofauti zingekuwa 4 au 5, kazi ingerudiwa.

Mstari huu ni wa kifaa hiki, katika udongo huu, kwa kina hiki. Shamba la juu lenye kichanga linahitaji wake, na hata kifaa kipya cha aina ileile kinapaswa kukaguliwa kwa sampuli chache kabla ya kurithi mstari wa kile cha zamani.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Kifaa chetu kinasoma namba gani hewani na katika glasi ya maji? Je, asilimia tunazoandika katika daftari zimetokana na hizo mbili tu?
2. Shamba letu lina aina ngapi za udongo, na kifaa kimechomekwa katika ipi?
3. Zamu ya mfereji hurudi baada ya siku ngapi? Lita zilizobaki tunapofungua maji zinatosha siku hizo?
4. Tunapotuma taarifa kwa wafadhili, je, tumeandika idadi ya sampuli, kina, kama asilimia ni ya uzito au ya ujazo, na ukubwa wa kosa? Nanyi marafiki mnaopokea taarifa hizo, mna haki ya kuuliza mambo hayo manne.